Kijembe cha Mmisri gizani, na namna ya kukivusha hadi Kiingereza

*Shikamoo mwalimu. Nilisoma Kairo miaka minne, sasa niko Unguja, na kazi yangu ni kutafsiri kwa Kiingereza posti za Wamisri za wakati wa mgao wa umeme. Zinaingia kwenye ripoti. Mhariri wangu hajui Kiarabu. Hii ameirudisha akiuliza, "Huyu anashukuru kweli?" Nimetafsiri kila neno. Nimekosea wapi?*

```
الضيوف وصلوا، قلت لهم نورتونا... النور قطع 😂💔
كتر خيركم والله، خففتوا عننا
#تخفيف_الأحمال
```

```
The guests arrived, I told them you have illuminated us... the light was cut 😂💔
May your goodness increase, by God, you have lightened for us
#Load_Reduction
```

Marahaba. Kwa kamusi, huna kosa la kushikwa nalo. Kilichopotea ni kijembe, na kimepotea kwa sababu umeivusha adabu ya Mmisri kwa kipimo chake kilekile.

Mmisri akitaka kuchoma, mara nyingi huzidisha adabu. Atarundika dua, kiapo, shukrani na vyeo juu ya jambo lisilostahili hata asante moja, na Mmisri mwenzake akiuona mrundo huo anajua kinachoendelea. Msomaji wa Kiingereza hajalelewa hivyo. Kwake dua ndefu iliyotoka kwenye Kiarabu ni dua tu; alikwisha kutarajia kwamba Waarabu huandika namna hiyo, basi anaipokea bila kushtuka. Kejeli ya Kiingereza huelekea upande wa pili. Hupunguza. Sentensi inafupishwa, sauti inakaushwa, na mtu anataja maudhi makubwa kana kwamba ni jambo dogo. Kwa hiyo kadiri unavyokuwa mwaminifu kwa wingi wa dua, ndivyo unavyomfanya mwandishi aonekane anashukuru kwa dhati.

Kabla ya kugusa neno lolote, jiulize anachekwa nani. Hapa wageni hawachekwi, na mwenye nyumba hajicheki. "Nyinyi" wa mstari wa pili, wale wanaoambiwa *kattar kheirkum*, si wageni tena. Ni serikali na watu wa umeme. Katika Kiarabu mabadiliko hayo ya mlengwa yanaonekana kwa sababu hashitegi iko pale chini na kila mtu alikuwa gizani saa ileile. Kwenye Kiingereza chako msomaji anaendelea kudhani wanaoshukuriwa ni wageni waliofika. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, nalo halikutokana na msamiati.

Tuifungue posti yenyewe polepole, maana imejengwa kwa ufundi.

*Nawwartuna* ni neno la kumkaribisha mgeni: mmetuletea nuru. Nawe uliyekaa Kairo unajua kwamba mgeni hujibu *da nurkum*, yaani nuru ni yenu. Ni adabu ya mlangoni, haina mzigo zaidi ya karibu yetu. Lakini Mmisri nyumbani kwake umeme pia huuita *en-nur*. Kwa hiyo mwenye nyumba ametamka "mmetuletea nuru" na papo hapo nuru ikakatika. Sisi Waswahili tunaucheka utani huo bila kufafanuliwa, kwa kuwa neno nuru tunalo. Mwingereza ukimpa "illuminated" umempa neno la makanisa na vitabu vya zamani. Hakuna anayemwambia mgeni hivyo mlangoni.

*Kattar kheirkum*, Mungu aizidishe heri yenu, ni asante ya kawaida kabisa sokoni na kwenye daladala zao. Hapa sikio letu la Kiswahili linaweza kutuponza. Tukisikia heri tunaisikia kwa uzito wa kidini, tukapeleka uzito huo kwenye Kiingereza. Kwa Mmisri ni neno jepesi, na wepesi huo ndio unaolifanya lifae kwa kejeli. Kiapo *wallahi* kinachofuata kinafanya kazi ya kusisitiza, kama sisi tunavyosema "kwa kweli".

*Khaffiftu annina*, mmetupunguzia. Huu ni msumari wa mwisho, na umegongwa kwenye jina rasmi la mgao: *takhfif al-ahmal*, kupunguza mizigo. Ni istilahi ya wahandisi, mzigo wa umeme kwenye gridi. Ila *takhfif* ni neno lenye huruma ndani yake. Linatokana na mzizi uleule uliotupa hafifu, na *ahmal* ni ndugu wa hamali wetu wa bandarini. Raia anayesikia serikali inamtangazia "mpango wa kupunguza mizigo" huku anapanda ghorofa ya tisa kwa ngazi, anasikia kebehi ambayo mhandisi hakuikusudia. Posti inachukua huruma hiyo ya jina na kuishukuru: ahsanteni, kweli mmetutua.

Kuna na historia ambayo msomaji wa ripoti hana. Julai 2018 Misri ilizindua vituo vitatu vikubwa vya umeme vilivyojengwa na Siemens, Beni Suef, Burullus na Mji Mkuu Mpya, vyenye jumla ya megawati 14,400. Umeme wa ziada ukawa jambo la kujivunia hadharani. Kisha Julai 2023, katikati ya joto kali na upungufu wa gesi, mgao ukaanza. Mwishoni mwa Juni 2024 ukarefushwa hadi saa tatu kwa siku, na ukasitishwa tarehe 21 Julai mwaka huo. Mtu aliyeambiwa kwamba nchi ina umeme wa kumwaga, akakaa gizani miaka mitano baadaye, ana sababu ya kuzidisha shukrani. Usiiingize historia hii ndani ya posti. Mwombe mhariri aiweke mara moja tu, mwanzoni mwa sura, sentensi mbili au tatu. Kejeli inayofafanuliwa katikati hufa. Inayofafanuliwa kabla haijafika inaweza kupona.

Mimi ningeiandika hivi:

```
Guests walk in. "You light up the place," I tell them. Lights go out.
Much obliged to the government, really. That's a load off.
#EasingTheLoad
```

Angalia nilichofanya, na nilipolipa gharama. Mstari wa kwanza nimeukata vipande vitatu vifupi kwa sababu kichekesho chake kiko kwenye kasi ya umeme kukatika. "Light up the place" kwa Kiingereza husemwa juu ya mtu mchangamfu, kwa hiyo ni sifa ya kweli, na neno lilelile linarudi likiwa taa. Nuru na nuru zimekutana tena. "Much obliged" ni shukrani yenye ukavu. Haihitaji Mungu ili isikike. Nimeongeza serikali, ambayo haimo kwenye maneno ya Kiarabu lakini imo kwenye maana, kwa kuwa bila hiyo mlengwa hageuki. Na "that's a load off" ni msemo wao wa kupumua baada ya wasiwasi kuondoka, ambao kwa bahati umebeba mzigo uleule wa gridi. Nilichopoteza ni kiapo na ile ladha ya dua. Kama ripoti ingehusu lugha ya dini katika maandamano, nisingekubali hasara hiyo. Hapa naikubali.

Hashitegi ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Kiingereza kina istilahi tayari, "load shedding", na Mwafrika Kusini au Mpakistani ataitambua mara moja, kwani ameishi nayo. Kama wasomaji wa ripoti wako Johannesburg, itumie bila wasiwasi. Kama wako London au Washington, wengi itawapita. Kuna pia "rolling blackouts", ambayo kila mtu anaielewa, ila inaita giza kwa jina lake, na hashitegi ya Kiarabu imekataa kufanya hivyo. Uchungu wote uko kwenye upole wa lile jina rasmi. Kwa hiyo nimetunga #EasingTheLoad, inayosikika kama tangazo la ofisi inayojali watu. Mhariri akitaka istilahi halisi, iweke kwenye maelezo ya mwanzo wa sura, uiache hashitegi ibaki na unafiki wake.

Na tafadhali usibebe vistari vya chini vya Kiarabu kwenda Kiingereza. Mwarabu huandika `#تخفيف_الأحمال` na kistari kwa sababu herufi zake hazina kubwa na ndogo. Bila kistari hashitegi ingeishia kwenye neno la kwanza. Kiingereza hutenganisha maneno kwa herufi kubwa. #Load_Reduction inamwonyesha msomaji kwamba hapa pametafsiriwa, naye akishaona tafsiri anaacha kusikia mtu.

Si kila hashitegi ni sehemu ya utani. Nyingine imedandiwa tu, kama mtu anayerukia lori linalopita. Posti inalalamikia umeme, na mwishoni ina hashitegi ya mechi ya jioni hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu. Isome posti bila hiyo hashitegi. Kama haijapungukiwa na kitu, hashitegi ilikuwa ya kutafuta wasomaji, na katika ripoti inaweza kuachwa. Kama posti inalegea au inakuwa na maana ya kinyume, basi imefungamana nayo. Mfano ni `#تحيا_مصر`, Misri idumu, kaulimbiu aliyoibeba Abdel Fattah el-Sisi kwenye kampeni yake ya urais mwaka 2014. Ikiwekwa chini ya picha ya ndege za jeshi ni uzalendo, na ikiwekwa chini ya picha ya mtaa mzima gizani ni jambo jingine. Maneno ni yaleyale. Kinachobadilika ni picha, kwa hiyo picha lazima iingie kwenye tafsiri: mstari mmoja juu ya posti unaosema inaonyesha nini. Nimeona ripoti nyingi zinazonukuu maneno na kuacha picha, kisha zinashangaa kwa nini Wamisri ni wazalendo kiasi hicho wakati wa mgao.

Sasa zile emoji. Umeziacha zilivyo, na wengi hufanya hivyo kwa kudhani ni lugha ya dunia nzima. Lakini 😂💔 kwa pamoja ni jozi ambayo Mmisri anaisoma kama neno moja: nacheka, na inauma. Kwa msomaji wa Kiingereza moyo uliopasuka ni wa mapenzi yaliyovunjika, au wa msiba. Akiuona baada ya kicheko anachanganyikiwa, au anadhani aliyeandika amevurugikiwa. Kijana wa Kiingereza akitaka kusema nacheka na naumia huenda akaweka 😭 au 💀. Mimi katika tafsiri yangu nimeziondoa kabisa, kwa sababu ukavu wa sentensi umeshabeba kazi yao, na emoji ya kicheko kwenye kejeli kavu ni sawa na mtu anayekukonyeza baada ya kila neno. Ukilazimika kubakisha moja, 🙃 ingekaa vizuri baada ya "a load off".

Kuna moja ya kuiogopa zaidi: 🤌, vidole vitano vilivyokusanywa ncha. Ulimwengu wa Kiingereza umeifunga kwa Waitaliano, na vijana wao huitumia kusifu kitu kilichokamilika, hasa chakula. Mwarabu akiukusanya mkono hivyo mbele yako anakwambia subiri. Ikija mwishoni mwa "wamesema umeme utarudi saa tatu 🤌", inaweza kuwa na maana ya ngoja tu, mtaona. Ukiiacha kwenye Kiingereza, msomaji ataona mtu anayesifia ratiba ya umeme. Hapo emoji inapaswa kugeuka maneno: "just wait", basi.

Kuna aina nyingine ya kejeli ambayo bila shaka umekutana nayo, na hii Kiingereza kinaipokea kwa urahisi. Ni pale mtu anapoacha lahaja na kupanda juu kwenye fus-ha, Kiarabu sanifu cha taarifa ya habari. Mfano nimeutunga:

```
بناءً على توجيهات معالي الوالدة، تقرر قطع الإنترنت عن أخويا حتى إشعار آخر
```

"Kwa kuzingatia maelekezo ya Mheshimiwa Mama, imeamuliwa…" Ni sauti ya msomaji wa habari wa televisheni ya taifa. Halafu ghafla inatokea *akhuya*, kaka yangu, kwa Kimisri cha jikoni. Neno hilo moja ndilo linalofichua kwamba fus-ha yote ilikuwa vazi la kukodi. Kama lingekuwa *akhi* kwa ufasaha, utani ungebaki ila usingetabasamu. Kiingereza hakina ngazi mbili za lugha zilizo mbali namna hiyo, lakini kina lugha ya ofisi na lugha ya nyumbani, na unaweza kuhamisha mahali pa kuporomokea:

```
By order of Her Excellency Mum, my brother's internet is suspended until further notice.
```

Kwenye Kiarabu mama alikuwa kwenye fus-ha na kaka akaporomoka. Kwenye Kiingereza "brother" halina namna ya kuporomoka, kwa hiyo nimemporomosha mama. Msomaji anapata kicheko palepale anapotegemea kukipata. Ukikutana na posti ya mgao iliyoandikwa kwa sauti hiyo ya tangazo, usiirahisishe. Iache iwe ndefu na ya kiofisi. Hapa kanuni yangu ya kupunguza haifanyi kazi, kwani Kiingereza nacho hudhihaki serikali kwa kuvaa sauti ya serikali.

Swali la mhariri wako, hata hivyo, lina haki yake. Utajuaje kwamba hashukuru kweli? Miaka ya nyuma, nikiwa natafsiri kwa mteja mmoja, niliipitisha *kattar kheiru* ya mtu fulani kama shukrani halisi, na ripoti ikaenda na sentensi kwamba wakazi walipokea hatua ile vizuri. Nilikuja kuelewa niliporudi kwenye posti na kusoma majibu yake. Tangu hapo naanza na majibu. Nasoma kumi ya mwanzo. Watu wakiendeleza mchezo, mmoja akiandika *da nurak* na vicheko, mwingine akimwombea waziri maisha marefu ili naye aone giza, basi ni kejeli na umma umeielewa hivyo. Wakianza kumgombeza, "unatetea nini wewe?", kuna uwezekano mkubwa alikuwa anashukuru. Kisha natazama posti zake za juma lile. Anayeitetea serikali kwa dhati huitetea kila siku, wala hangoji umeme ukatike. Na nikibaki na shaka baada ya hapo, naandika hivyo kwenye ripoti: inaweza kusomwa pande zote mbili. Wapo Wamisri walioutetea mgao kwa moyo safi, na si haki kuwageuza wote wacheshi.

Kuna fungu moja la maneno ambalo usilidhanie kejeli hata likiwa na 😂 pembeni: *hasbiya Allah wa ni'ma al-wakil*. Wewe unalijua kwa maana yake. Mmisri akiliandika juu ya ofisi fulani, anashtaki kwa Mungu. Kicheko kikifuata ni cha mtu aliyechoka. Kiingereza cha neno kwa neno, Mungu ananitosha, kinasikika kama utulivu wa moyo. Mimi huandika "God will deal with them", na huacha kicheko nje.

Jambo la mwisho linahusu ripoti yako itakwenda wapi. Tafsiri niliyokupa ni ya kusomwa. Kama posti hizi zitaishia mezani kwa polisi, mahakamani, au kwa wanaoamua kufuta akaunti za watu, usijenge upya chochote. Weka safu tatu: Kiarabu chenyewe, Kiingereza cha neno kwa neno pamoja na emoji zote, halafu maelezo yako ya toni peke yake. Oktoba 2017, Mpalestina mmoja fundi wa ujenzi aliweka Facebook picha yake kando ya buldoza na neno la kuwatakia watu asubuhi njema. Tafsiri ya kompyuta ililigeuza kwa Kiebrania kuwa "washambulieni", akakamatwa na polisi wa Israeli na kuhojiwa kwa saa kadhaa kabla ya kosa kugundulika. Facebook iliomba radhi. Neno lile halikuwa na kejeli wala fumbo, ni salamu ya lahaja tu. Kama angekuwepo mtu wa safu ya tatu, asubuhi ile ingepita.

Katika hati ya namna hiyo utalazimika pia kubakisha hashitegi ya Kiarabu ndani ya mstari wa Kiingereza, na hapo kompyuta itakuchezea: alama ya reli itarukia upande usio wake, na nukta itakwenda kukaa katikati. Izungushie alama zisizoonekana, `U+2067` kabla na `U+2069` baada, au uipe mstari wake peke yake. Mimi huipa mstari wake. Alama zisizoonekana mhariri huzifuta bila kujua.